Kuipigia Mashine Chafya

Kitu cha kwanza ambacho mtu humwona nacho Taipu ni vidole. Kabla ya uso wake, kabla hata ya sauti yake nzito, utaona vidole, kwa sababu havitulii. Akisubiri chai ipoe, vinacheza juu ya meza. Akiwa ameketi msibani kwa heshima zote, vinacheza juu ya goti. Wageni hudhani ana wasiwasi. Wanaomfahamu wanajua kwamba anaandika. Ukimwambia neno asilolipenda hatakujibu, ila vidole vitaliandika lote kwenye ubao wa meza, kisha kidole gumba kitagonga mara moja, kama mtu anayeweka nukta, na hapo ujue mazungumzo yamekwisha.

Jina hilo alilipata mahakamani, alikoajiriwa akiwa msichana kupiga chapa hukumu na hati za viapo. Chumba chao kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: karatasi safi haiingii kwenye taipureta kabla mashine haijajaribiwa. Unaweka kipande cha karatasi chakavu, unagonga herufi zozote zinazokuja vidoleni, unaangalia kama utepe una wino na kama kuna herufi inayokwama. Kisha unachana, unatupa, unaanza kazi. Msimamizi wao, mama mmoja aliyevaa miwani miwili kwa zamu, alikuwa akisema, "Mashine ni kama mtu aliyetoka usingizini. Usimpe habari nzito kabla hajapiga chafya." Basi kila asubuhi chumba kizima kilikuwa kinapiga chafya.

Taipureta zilipoondoka, Taipu naye aliondoka. Akafungua duka la huduma za mtandao, chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la dawa, chenye kompyuta zilizopangwa ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa. Watu humjia kuomba vyeti, kusajili pikipiki, kutafuta matokeo ya watoto, kubadilisha leseni. Na humo, karibu kila tovuti aliyoifungua, alikutana na zile picha za herufi zilizopinda.

Kila mtu amewahi kukutana nazo. Herufi na tarakimu chache zimesokotwa kama nguo iliyokamuliwa, zimekatwa na mistari, zimenyunyiziwa vitone, na chini yake kuna kisanduku kitupu na agizo: andika unachokiona, ili tuthibitishe kwamba wewe si roboti. Siku za mwanzo Taipu alikuwa akiinamia kioo mpaka pua inakaribia kugusa. Halafu siku moja akagundua jambo. Ukiandika chochote kile, ukatuma, mashine inakwambia umekosea na kukuletea picha nyingine, na mara nyingi hiyo ya pili husomeka vizuri zaidi. Alicheka peke yake siku hiyo. Mambo yale yale ya taipureta. Kumbe hata hii inataka chafya kwanza.

Tangu hapo ikawa desturi ya duka. Mteja akikaa, kabla hajauliza, Taipu humwambia, "Usiumize macho. Ipigie chafya, ikuletee nyingine." Na mteja hubamiza vidole kwenye kibodi, akatuma, akaletewa picha mpya. Polepole watu wakasahau sababu. Wakawa wanapiga chafya hata kwa picha iliyo wazi kama mchana, mithili ya mtu anayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Ni kweli kwamba pembeni mwa kila picha kulikuwa na alama ndogo ya mshale uliojikunja. Taipu aliwahi kuubofya zamani, kwenye tovuti moja iliyotengenezwa ovyo, ukafuta fomu nzima ya mjane aliyekuwa ameshinda hapo akiijaza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mshale ule hakuugusa tena.

Asubuhi ambayo desturi hiyo ilimgeukia, aliyekuwa ameketi pembeni yake hakuwa mteja. Alikuwa mume wake.

Mumewe ni dereva wa basi la shule, na watoto anaowabeba wamempa jina la Breki. Wanasema huanza kupunguza mwendo kwa ajili ya kuku ambaye bado yuko kwao anajiandaa kuvuka barabara. Wazazi wanampenda kwa hilo hilo. Lakini leseni yake ya kubeba abiria ilikuwa inaisha, na ili kuipata mpya ilimbidi afanyiwe mtihani upya wa kuendesha. Nafasi za mtihani zilikuwa zinafunguliwa mtandaoni asubuhi hiyo, na hilo lilikuwa kundi la mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu mkuu alishamwambia bila kuzunguka: hakuna leseni, hakuna ufunguo. Na tayari kuna dereva mwingine, kijana mwenye shingo nene, aliyekuja kulitazama basi.

"Hakulitazama tu," Breki alisema, akivua kofia na kuivaa tena. "Alikaa. Akakisogeza kiti nyuma."

"Kiti kinasogezwa, kinarudishwa."

"Miaka yote hiyo mama watoto, kile kiti hakijawahi kusogezwa."

Taipu alifungua tovuti ya leseni. Nyuma yake duka lilikuwa limejaa, maana si Breki peke yake aliyekuwa na haraka siku hiyo, na kila kona ulisikia vidole vikibamiza. Akajaza fomu ya mumewe kwa kasi ile iliyompa jina: namba ya maombi, tarehe ya kuzaliwa, daraja la leseni. Ikaja picha. Hakuitazama hata vizuri, akaipigia chafya, akatuma. Ikaja ya pili, akaisoma, akaandika, akatuma.

*Jibu si sahihi.*

Akaipigia chafya nyingine. Picha iliyofuata ilikuwa imesokotwa zaidi, mistari imeongezeka. Akaisoma, akaandika. Jibu si sahihi. Ikaja nyingine ambayo herufi zake zilikuwa zimelaliana kama watoto kwenye kitanda kimoja.

"Hiyo ya katikati ni nane," Breki alisema.

"Ni B."

"Mimi naona nane."

"Wewe huoni, wewe unaotea. Ngoja." Akaandika B. Jibu si sahihi. Akarudia kwa picha mpya, safari hii herufi zikiwa wazi kabisa, kiasi kwamba hata kinyozi aliyekuwa amepita kuomba chenji alizisoma kwa sauti kutoka mlangoni. Taipu akaandika kama zilivyo. Akazihakiki moja moja. Akatuma.

Jibu si sahihi.

Kwa mara ya kwanza, vidole vyake vilisimama.

"Hii sasa ni dharau," alisema taratibu. "Nimeandika hukumu za watu kunyongwa bila kukosea mkato. Leo kijisanduku kinaniambia sijui kunakili."

"Tutumie simu yangu," Breki alisema.

Wakatumia simu. Picha ikaonekana nusu, nusu nyingine imejificha pembeni ya kioo. Wakaisogeza, wakaivuta, wakaandika. Ikakataa. Wakarudia kwenye kompyuta, ikakataa. Walikuwa wanatwanga maji kwenye kinu, na kadiri walivyotwanga ndivyo picha zilivyozidi kuwa mbaya, mpaka ikafika moja ambayo Taipu aliapa kwamba haina herufi hata moja, ni nywele tu za mtu aliyenyolewa. Wateja waliokuwa nyuma nao wakaanza kulalamika kwamba kwao pia picha zimeharibika leo. Mmoja akaondoka akisema duka hili sasa lina mkosi.

Hapo ndipo Taipu alipomwona mumewe amenywea. Si kunywea kwa hasira. Alikuwa ameinama kama mtoto aliyevunja kitu ambacho bado hakijagunduliwa.

"Baba watoto. Una nini?"

"Sina kitu."

"Una kitu. Kofia umeivua mara ngapi?"

Breki akatazama mlangoni, akatazama dari, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilijaribu alfajiri. Kwa simu. Ulikuwa bado umelala, nikasema nisikusumbue."

"Ukafanya nini?"

"Nilijaza vizuri tu. Ikaja ile picha. Mara ya kwanza nikaona herufi na namba zimechanganyika, nikajua wanataka namba ya gari. Maana fomu ni ya dereva. Nikaandika namba ya basi."

Taipu alifumba macho.

"Ikakataa. Nikaandika jina langu, labda ni mahali pa sahihi. Ikakataa. Halafu nikachukua miwani, nikaisoma taratibu, herufi moja baada ya nyingine, nikaandika kwenye karatasi kwanza ili nisikosee. Nilichukua muda kweli. Nikatuma, ikakataa. Basi ikaniuliza tena niandike ninachokiona."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika ukweli."

"Ukweli gani?"

"*Sioni*," Breki alisema. "Niliandika sioni. Halafu ilipokataa nikaandika sioni vizuri, ili wasidhani mimi ni kipofu kabisa."

Taipu alitaka kucheka, lakini uso wa mumewe haukumruhusu. Mwanamume yule alikuwa amekonda ndani ya shati lake.

"Mama watoto, unaelewa nilichofanya? Mimi ni dereva. Nimewaandikia watu wa leseni, kwa namba yangu mwenyewe, kwamba sioni. Ndiyo maana hata ukiandika sahihi wanakataa. Wameshaniandika."

"Hakuna aliyekuandika," alisema Taipu, lakini sauti yake haikuwa na nukta mwishoni. Ukweli ni kwamba naye hakujua. Na hasira iliyokuwa inatafuta pa kutua ikatua. "Ungeniamsha. Neno moja tu, niamshe. Sasa ona."

"Na wewe ungeacha kubamiza ovyo. Kila mara unabamiza, kila mara inakataa."

"Chafya hiyo imewasaidia watu wengi kuliko hiyo breki yako."

Hawakuzungumza tena mpaka ofisi ya leseni. Duka alimwachia fundi cherehani, mteja wake wa siku zote aliyekuja kusajili pikipiki na ambaye hana haraka na lolote duniani, ndiyo maana nguo za watu hupitwa na mitindo akiwa bado anazipima.

Mlinzi wa getini aliwaambia mambo ya leseni yote ni mtandaoni. Breki akamwambia mtandaoni ndiko wanakotoka, kumefungwa. Mlinzi akasema basi warudi kukifunguliwa. Ilibidi Taipu apige moyo konde na kumtazama kwa yale macho ya mahakamani, mpaka yule mtu akakumbuka kwamba kumbe kuna dawati la msaada, mlango wa pili kushoto.

Dawatini alikuwepo dada mmoja mwenye koti la baridi begani na sura ya mtu ambaye ametukanwa tangu asubuhi na bado hajanywa chai. Aliwasikiliza bila kuinua macho. Akaomba namba ya maombi, akaiandika, akasoma kioo. Kisha akainua macho.

"Mama, mnatumia mtandao wa wapi?"

"Dukani kwangu. Nina duka la huduma."

"Aha," alisema, kwa namna ya mtu aliyekutana na jina alilolisikia siku nyingi. "Na hapo dukani, watu wakifika kwenye picha ya herufi, huwa wanafanyaje?"

Taipu alieleza. Alieleza kwa fahari kidogo, maana hakuona ubaya, na akaeleza hata asili yake, taipureta na karatasi chakavu. Yule dada alisikiliza hadi mwisho. Akacheka, lakini si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyepata jibu la kitendawili.

"Mama yangu, sisi tulidhani ni madalali."

"Madalali gani?"

"Wapo watu wenye programu inayokuja usiku na mchana kuchukua nafasi za mtihani, halafu wanawauzia wenye shida. Programu yao haisomi picha vizuri, kwa hiyo inabahatisha. Inatuma takataka, inaletewa picha nyingine, inatuma tena. Picha hizi tumeziweka kwa ajili yao. Sasa mashine yetu haioni kidole wala moyo wa mtu. Inaona jibu, na muda uliopita kati ya picha na jibu. Ukitulia ukakosea herufi moja, inasema huyu ni mtu, kakosea. Ukituma takataka papo hapo, na baada yake takataka nyingine, inasema huyu ni dalali."

"Lakini kompyuta zangu ni tofauti. Kila mtu na yake."

"Kwako ziko tofauti. Kwetu zinatoka mlango mmoja, maana intaneti ni moja. Sisi hatuoni kompyuta, tunaona mlango. Kila anayebamiza hapo dukani anauchafua mlango wa wote. Na mlango ukichafuka, mashine inauletea picha ngumu zaidi."

Taipu aliona, kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake kutoka angani, miezi mingi ya watu wakibamiza kwa utii alichowafundisha.

"Na mimi?" Breki aliuliza. Alikuwa ameishikilia kofia kwa mikono miwili. "Mwanangu, mimi kuna neno niliandika."

"Neno gani, baba?"

Alimwambia. Alimwambia yote, namba ya basi, jina, na lile neno la mwisho. Dada yule safari hii hakucheka, na hilo Taipu alilihifadhi moyoni kama deni la wema.

"Baba, mashine haisomi maana. Inalinganisha tu. Herufi zako zinafanana na za kwenye picha au hazifanani. Uandike sioni, uandike naona mpaka ng'ambo, kwake ni kitu kimoja, hazifanani. Na watu wanaandika mambo humo. Wengine wanatukana. Wengine wanaandika lolote waone kama kweli kuna anayekagua. Wengine, kama wewe, wanajibu swali kwa ukweli. Hakuna hata moja linaloingia kwenye faili la macho yako. Macho yako yatapimwa na daktari, siku ya mtihani."

Breki alitoa pumzi ambayo huenda aliishika tangu alfajiri.

"Na ile niliyoisoma kwa miwani? Ile nilipata, nina hakika."

"Huenda ulipata. Lakini picha ina umri wake. Ukikaa nayo muda mrefu inakufa, na jibu sahihi la picha iliyokufa linahesabiwa kosa."

"Sasa na ile iliyosomwa hata na kinyozi?" Taipu aliuliza. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote.

Dada akageuza kioo kidogo, ingawa sheria labda haikumruhusu. "Hapo ilikuwa imeshafungwa. Makosa yakizidi, tunafunga namba ya maombi pamoja na mlango. Mkifungiwa, picha bado zinakuja, lakini hata ukijibu sahihi inakataa. Haikwambii imekufunga, kwa sababu ikimwambia dalali atakwenda kutafuta mlango mwingine. Na kila mnapojaribu tena, muda wa kufungwa unaanza upya."

Asubuhi nzima walikuwa wanaukaza wenyewe mlango waliokuwa wanaugonga.

"Fungua," alisema Taipu.

"Sina uwezo huo, mama. Wangetupa uwezo huo sisi wa dawati, madalali wangetuhonga sisi." Akalivuta koti lake. "Kinachofungua ni kimya. Msiguse. Si nyinyi tu, mtu yeyote dukani asitume takataka kwenye tovuti yetu. Alasiri kuna nafasi zinarudi, zile ambazo watu walishika bila kuthibitisha. Mkinyamaza mpaka wakati huo, mna bahati. Na mama, ule mshale uliojikunja pembeni ya picha unaleta picha nyingine bila kuhesabu kosa. Ndiyo kazi yake."

"Unafuta fomu."

"Haufuti."

Taipu hakubishana, ila vidole vyake viliandika neno moja kwenye ukingo wa dawati, neno ambalo hakuna aliyelisoma.

Walikuwa wamefika nusu ya njia ya kurudi Taipu alipoacha kutembea.

"Fundi," alisema.

"Fundi gani?"

"Nimemwacha dukani. Anasajili pikipiki kwenye tovuti ile ile."

Breki, ambaye hajawahi kuharakisha kitu chochote chenye magurudumu au miguu, alikimbia. Alikimbia vibaya, magoti nje, kofia mkononi, na Taipu nyuma yake akiwa amepandisha gauni. Walipofika mlangoni walimkuta fundi cherehani amekaa kwenye kompyuta ya katikati, viganja vyote viwili viko juu ya kibodi kama mtu anayetaka kukanda unga wa mkate.

"Fundi, mikono juu," alisema Taipu.

Fundi akainua mikono. "Dada Taipu, nimeiba nini?"

"Umepiga chafya ngapi?"

"Hata moja. Nilifunga duka nikaenda kula, ndiyo kwanza nimerudi. Nilikuwa ndiyo naanza."

"Usianze."

"Si ulinifundisha mwenyewe?"

"Nilikufundisha. Sasa nakufundua."

"Kuna kitu kama hicho?"

"Kuanzia leo kipo. Simama hapo, kunywa maji, usiguse kitu."

Basi wakakaa. Kwa mtu mwingine kungekuwa kungoja tu. Kwa Taipu ilikuwa ni kama kuambiwa azuie moyo usipige. Aliikalia mikono yake. Aliitoa, akafagia duka. Wateja walikuja, akawaambia tovuti ya leseni leo hapana, nendeni kwingine, na wengine walikasirika, na mmoja akasema Taipu anaringa. Aliwaacha waseme. Breki, aliyekuwa pembeni, akasema bila kumtazama, "Ile ya breki na chafya, nilistahili."

"Na mimi ya kubamiza nilistahili."

"Kwa hiyo tumelingana."

"Hatujalingana. Mimi nimelichafua duka zima. Wewe umechafua namba moja."

"Basi umeshinda," alisema Breki, na fundi cherehani akacheka maji yakamtoka puani.

Alasiri ilipofika Taipu alifungua tovuti. Alijaza fomu polepole, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na ilimuuma kila herufi. Picha ikaja. Ilikuwa mbaya. Vidole vyake vikanyanyuka vyenyewe, na Breki akaweka kiganja chake juu yavyo, kizito, kile kile kinachoshika gia.

"Mshale," alisema.

"Ukifuta?"

"Tutajaza tena."

Taipu akausogelea ule mshale kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto, akabofya. Picha ikabadilika. Fomu ikabaki pale pale, namba na tarehe na daraja, kila kitu mahali pake. Akautazama mshale kwa muda. Miaka yote ile.

Picha ya pili haikuwa safi, lakini ilisomeka. Breki alivaa miwani.

"Soma," alisema Taipu. "Usikae nayo mpaka ife."

"K," alisema. "Tatu. W ndogo au kubwa sijui. Halafu H. Hiyo ya mwisho, mama watoto, hiyo ni nane."

Taipu aliitazama. Yeye aliona B. Akaitazama tena kwa makini, mistari miwili iliyoikata, ule upande wa kushoto ambao haukuwa umenyooka bali umebonyea kidogo, na taratibu ikageuka machoni pake.

"Ni nane," alisema. Akaandika. Kidole gumba kikagonga mara moja, akatuma.

Tovuti ilikaa kimya, kisha ukurasa ukabadilika. *Maombi yako yamepokelewa. Nafasi inahakikiwa. Utapata ujumbe kwa simu kabla ya ofisi kufungwa.*

Fundi akasema hongera. Breki akasema bado, imepokelewa si sawa na imekubaliwa. Akachukua simu yake, akaikagua kama sauti imefunguliwa, akaikagua kama ina chaji, akaiweka kwenye meza katikati yao kama mgonjwa aliyelazwa. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba ofisi bado haijafungwa.

"Ikija," alisema, "nitapita shuleni kabla ya giza. Kile kiti siwezi kukiacha kilale vile."

Vidole vya Taipu vilikuwa vimeanza kucheza pembeni mwa simu, taratibu, bila kuigusa, na wote watatu walikuwa wanaitazama.